Draya ilisema nyuzi 3: uchambuzi wa mafunzo ya kukabidhi mtambo wa oksijeni

Hospitali ni ya rufaa, iko ukanda wa pwani. Mtambo wake wa oksijeni ulikuwa na miezi saba tangu ukabidhiwe pale usafi wa gesi ulipofika asilimia 87. Mkataba ulitaka asilimia 93, na iliruhusiwa kupanda au kushuka kwa 3 tu. Kengele iliyowekwa kwenye 90 ilikuwa imelia, ikazimwa, ikalia tena, ikazimwa tena. Mimi niliitwa kuangalia mtambo, lakini kilichonishughulisha zaidi mwishowe ni karatasi moja iliyokuwa ndani ya faili la makabidhiano: ratiba ya mafunzo ya waendeshaji.

Kwanza mtambo wenyewe, kwa ufupi. Kompresa ya skrubu inavuta hewa ya kawaida na kuibana hadi kama baa 7. Hewa hiyo inapita kwenye tangi la hewa, kisha kwenye draya inayoipoza ili maji yatoke, kisha kwenye filta zinazonasa mafuta na vumbi. Baada ya hapo inaingia kwenye minara miwili yenye punje za zeolaiti. Zeolaiti inanasa naitrojeni na kuiacha oksijeni ipite. Mnara mmoja ukifanya kazi, mwingine unashusha presha na kutapika naitrojeni nje, halafu wanabadilishana zamu. Agoni iliyomo hewani haitenganishwi na oksijeni, na ndiyo sababu mitambo ya aina hii haivuki asilimia 95 au 96 hata ikiwa mipya kabisa. Gesi inakaa kwenye tangi la oksijeni, inakwenda wodini kwa bomba kwa presha ya kama baa 4, na sehemu nyingine inajazwa kwenye mitungi.

Adui wa zeolaiti ni maji. Naitrojeni ikinaswa, presha ikishuka inaachia. Maji yakinaswa hayaachii kirahisi hivyo. Yanakaa, yanajaza nafasi ya naitrojeni, na punje zikiendelea kulowa zinavunjika kuwa unga. Kwa hiyo usafi wa oksijeni hauporomoki siku moja. Unashuka kidogo kidogo, na anayeusoma kila zamu bila kuuandika kwa tarakimu hauoni ukishuka.

Daftari la mtambo lilikuwa limejazwa vizuri, kwa maana ya kujazwa. Kila zamu ilikuwa na tiki tano: kompresa sawa, draya sawa, filta sawa, usafi sawa, presha sawa. Hakuna namba hata moja. Nilimwomba mwendeshaji wa zamu, fundi sanifu kijana na makini, anionyeshe anavyoikagua draya. Akanipeleka moja kwa moja kwenye kioo chake kidogo. Kilisoma nyuzi 3, taa ya kijani.

"Na maji yanatokea wapi?" nikamuuliza.

"Yanatoka yenyewe, kaka. Tuliambiwa ni otomatiki."

Tukaweka ndoo chini ya bomba la kutolea maji la draya, tukasubiri nusu saa. Ndoo ilibaki kavu.

Hapo ndipo hesabu inaposaidia, na nitaiweka yote kwa kuwa baadaye iliingia kwenye mafunzo. Hewa ya pwani yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 inabeba kama gramu 24 za maji kwa kila mita moja ya ujazo. Kompresa ile inavuta karibu mita 250 za ujazo kwa saa. Hiyo ni kilo 6 za maji, yaani lita 6, kila saa. Hewa hiyo ikiwa imebanwa na kupozwa hadi nyuzi 3, inaweza kubaki na maji yasiyofika robo lita kwa saa. Yaliyobaki yote lazima yatoke kama maji: mengi yanatokea kwenye kitenganishi cha kompresa na chini ya tangi la hewa, na draya yenyewe inatakiwa kutoa zaidi ya lita moja kwa saa. Kwa nusu saa ndoo ilitakiwa iwe na nusu lita na ushee. Isipokuwa na kitu, maji hayajapotea. Yamesonga mbele.

Tulifungua vali ya kutolea maji. Kichujio chake kidogo kilikuwa kimeziba kwa utelezi wa mafuta na kutu. Vali ilikuwa inalia "tak" kwa wakati wake kila baada ya muda, hivyo hata anayesikiliza angeridhika. Na kioo? Kile kioo hakipimi unyevu wa hewa inayotoka. Kinapima ubaridi wa kipozeo ndani ya draya. Kipozeo kilikuwa kweli kwenye nyuzi 3 na kilikuwa kinageuza mvuke kuwa maji kama kilivyopaswa. Ila maji hayo hayakuwa na pa kutokea, yakawa yanabebwa na hewa kwenda kwenye filta, na kutoka kwenye filta kwenda kwenye minara. Draya za namna hii ziko nyingi sana, na wengi wanaozisimamia wanaamini zinapima umande wa hewa.

Sasa ile ratiba ya mafunzo. Ilikuwa na mistari sita: utangulizi, sehemu za mtambo, kuwasha na kuzima, matengenezo, usalama, maswali. Muda saa mbili. Tarehe yake ilikuwa siku ileile ya hafla ya uzinduzi, na ukitaka kujua mafunzo yatakuwaje angalia kwanza yamewekwa siku gani. Karatasi ya mahudhurio ilikuwa na sahihi 14. Kati yao waendeshaji walikuwa wawili, wote wa zamu ya mchana. Wengine walikuwa wageni wa uzinduzi, watu wa utawala na dereva mmoja. Waendeshaji watatu wa zamu za usiku walifundishwa na wenzao baadaye, na wenzao hao walifundisha walichokumbuka: bonyeza hapa, taa iwe kijani.

Sidhani fundi wa mkandarasi aliyefundisha siku ile alikuwa mbaya. Aliijua kazi yake. Tatizo ni kwamba alieleza mtambo ukiwa mzima. Kila alichoonyesha kilikuwa kinafanya kazi, na mtu aliyeona mtambo mzima peke yake hana namna ya kuutambua ukiugua. Mwendeshaji anayeachwa peke yake saa nane za usiku hahitaji kujua jinsi zeolaiti inavyonasa naitrojeni kama anavyohitaji kujua mambo matatu: maji yanatoka au hayatoki, usafi ukishuka ni kwa sababu gani, na umeme ukikatika ana dakika ngapi. Mafunzo mapya tuliyajenga juu ya hayo matatu, na mengine yote yakapewa nafasi iliyobaki.

Yalifanyika kwa siku mbili, baada ya mkandarasi kubadilisha punje za minara na mtambo kurudi kwenye asilimia 94. Sharti la kwanza lilikuwa kwamba kila mwendeshaji wa kila zamu awepo, hata ikibidi makundi yawe mawili na somo lirudiwe. Sharti la pili ni kwamba mfundishaji haruhusiwi kugusa vali. Anaeleza mara moja, halafu mikono inayogusa ni ya mwendeshaji, na mfundishaji anakaa kimya hadi amalize au aelekee kwenye hatari.

Asubuhi ya kwanza ilikuwa ya maji tu. Tulianza nje, si darasani. Kila mmoja alipewa ndoo yenye alama za lita na sehemu moja ya kutolea maji: kitenganishi cha kompresa, tangi la hewa, draya, filta ya kwanza. Wakapima kwa nusu saa, wakaandika, ndipo tukakaa na kupiga ile hesabu ya lita 6 pamoja. Hesabu ilipokaribiana na ndoo zao walianza wenyewe kuuliza maswali ambayo ratiba ya zamani isingeyafikia: msimu ambao hewa ni kavu kidogo tutegemee kiasi gani, na je, ndoo ya filta ikijaa kuliko ya draya ina maana gani. Hilo la mwisho ni swali la fundi hasa. Filta iliyo baada ya draya haitakiwi kutoa maji ya kuonekana. Ikitoa, draya imeshashindwa.

Baada ya chai tuliiharibu draya makusudi. Tulifunga vali ya mkono iliyo kabla ya dreni, yaani ile vali ya kutolea maji, bila kuwaambia ni ipi, na wakatakiwa kuipata hitilafu bila kutumia kioo. Kundi la kwanza lilikwenda kwenye kioo hata hivyo, likasema nyuzi 3, sawa. Walipofika kwenye ndoo wakanyamaza. Zoezi hilo lina mpaka wake: usiliache zaidi ya dakika chache, kwa kuwa maji unayoyazuia ni maji halisi, na minara mliyotoka kuibadilishia punje iko mita mbili kutoka hapo. Neno moja pia kuhusu hayo maji ya ndoo. Yana mafuta ya kompresa. Hayamwagwi kwenye mfereji wa mvua wala chini ya mti. Hospitali iliweka pipa.

Mchana wake ulikuwa wa usafi. Hapa kosa la kawaida ni kuona 88 kwenye kioo na kupiga simu kwa mkandarasi, au kuona 88 na kunyamazisha kengele. Kati ya hayo mawili kuna maswali ambayo mwendeshaji anaweza kuyajibu mwenyewe kwa saa moja.

La kwanza, je, kipimo chenyewe ni kizima? Akiondoe kwenye gesi na kukipa hewa ya kawaida. Kisome 20.9. Kikisoma 19 au 23, tatizo linaweza kuwa kwenye kipimo, na kinahitaji kurekebishwa kwa gesi ya kulinganishia kabla ya kulaumu mtambo.

La pili, je, tunavuta gesi kuliko mtambo unavyoweza? Mtambo ule unatoa mita 20 za ujazo kwa saa. Wodi zikivuta 12, na wajazaji wa mitungi wakavuta 12 kwa wakati huohuo, minara haipati muda wa kutosha na usafi unashuka ingawa hakuna kilichoharibika. Dawa yake ni kusimamisha ujazaji wa mitungi na kusubiri. Usafi ukirudi juu ndani ya nusu saa, kosa lilikuwa la matumizi. Usiporudi, kosa liko kwenye hewa inayoingia au kwenye zeolaiti, na hapo ndipo simu ipigwe, ikiwa na namba za ndoo mkononi. Tulilifanya zoezi hili kwa kweli: tukafungua ujazaji wote, tukaangalia 94 ikawa 92, ikawa 90, tukafunga, tukaangalia ikipanda. Baadhi yao walikuwa wameuendesha mtambo miezi saba bila kuwahi kuona namba hiyo ikirudi juu.

La tatu ni la macho. Unga mweupe kwenye mdomo wa bomba linalotoa naitrojeni nje ni zeolaiti inayosagika. Kwenye mtambo huu unga huo ulikuwepo, na mfagizi wa eneo lile aliuona kabla ya fundi yeyote, alikuwa anaufagia.

Siku ya pili ilikuwa ya umeme kukatika, na ndiyo siku pekee tuliyowaalika watu wasio mafundi. Muuguzi msimamizi wa wodi ya wagonjwa mahututi alikuja, na mwenzake wa wodi ya watoto wachanga. Kwanza tulipiga hesabu ubaoni. Tangi la oksijeni lina lita 2,000. Likishuka kutoka baa 5 hadi baa 4 linatoa kama mita 2 za ujazo za gesi. Wodi zikitumia mita 10 kwa saa, hizo ni dakika 12. Sasa umeme ukirudi, au jenereta ikishika, kompresa haiwaki papo hapo. Presha yake ya ndani lazima ishuke kwanza. Ikishawaka, gesi ya mwanzo ni chafu na inamwagwa nje hadi usafi upande, jambo linalochukua kama dakika 25 hadi 30. Kwa hiyo hata jenereta ikiwaka ndani ya sekunde 15 kama mkataba ulivyosema, kuna kama robo saa ambayo mtambo hauna cha kutoa na tangi limekwisha. Nafasi hiyo inazibwa na mitungi ya akiba iliyounganishwa pamoja kwenye bomba liitwalo manifoldi, na si kingine.

"Kwa hiyo jenereta ikiwaka bado hatujapona," akasema sista wa wodi ya mahututi.

"Bado, sista. Jenereta inawasha kompresa. Oksijeni inakuja baadaye."

Yeye hakuwa akijua hilo, na hapana mtu aliyekuwa na wajibu wa kumwambia. Kabla ya hapo utaratibu wa wodi ulikuwa kusubiri taa ziwake.

Zoezi lilipangwa saa nne asubuhi, mitungi ya dharura ikiwa imeshapelekwa kando ya vitanda, wauguzi wakiwa wameambiwa, na mganga wa zamu akiwa ametoa ruhusa. Bila hayo usilifanye. Umeme ukakatwa kwenye swichi kuu ya mtambo. Mwendeshaji akakimbilia manifoldi, kama alivyofundishwa, na geji ya upande wa akiba haikusogea. Vali za mitungi zilikuwa wazi. Iliyokuwa imefungwa ni vali ya mkono kati ya manifoldi na bomba kuu, na alama za rangi za mafundi waliofunga mtambo zilionyesha haikuwahi kufunguliwa. Kwa miezi saba hospitali hiyo haikuwa na akiba yoyote iliyounganishwa, na orodha ya ukaguzi ilikuwa na tiki kwenye "manifoldi sawa". Aliifungua polepole, robo mzunguko kwanza. Oksijeni ikiingia ghafla kwenye bomba lenye presha ndogo inabanwa na kupata joto kali, na chembe ya mafuta au vumbi ikiwepo panaweza kuwaka moto. Hilo la kufungua polepole, pamoja na kutopaka grisi wala kushika vifaa vya oksijeni kwa mikono yenye mafuta, tulilirudia kila tulipogusa vali badala ya kulipa kipindi chake. Kipindi cha usalama cha dakika 20 mwishoni mwa siku huwa hakisikilizwi na mtu.

Kuna mambo madogo ambayo ratiba mpya iliyapa saa moja tu. Karatasi moja ya Kiswahili ikabandikwa ukutani, yenye namba na si tiki: lita za ndoo, usafi, presha ya hewa, tofauti ya presha kwenye filta, saa za kompresa. Kitabu cha mtambo chenye kurasa mia mbili na ushee kilibaki kabatini kwa ajili ya mhandisi. Nenosiri la kubadilisha viwango vya kengele lilikuwa limeondoka na fundi wa mkandarasi. Likadaiwa, likaandikwa, likawekwa kwa mhandisi wa hospitali ndani ya bahasha. Na spea za dreni, ambazo ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote mle ndani, hazikuwemo kwenye orodha ya spea za makabidhiano. Zikaongezwa.

Upande wa fedha, mkandarasi alikataa mwanzoni kulipia zeolaiti ingawa kipindi cha matazamio, ambacho mkandarasi bado anawajibika kwa kasoro, kilikuwa hakijaisha. Hoja yake: waendeshaji hawakukagua dreni. Mshauri wa mradi akatoa ile karatasi ya mistari sita na kuuliza ni mstari upi uliowaambia waikague. Ikaishia kwa kugawana gharama, na kwa maoni yangu hospitali ilitoka nafuu, kwa kuwa sahihi ya kupokea mafunzo ilikuwa imeshawekwa. Ukishasaini kwamba watumishi wamefundishwa, ni kazi ngumu kuja kusema baadaye kwamba hawakufundishwa. Ndiyo maana katika mikataba ninayoipitia sasa napendekeza sahihi ya makabidhiano isubiri mwendeshaji mmoja wa kila zamu afanye mambo manne peke yake mbele ya mhandisi: kupima maji, kutafuta sababu ya usafi kushuka, kuhamia manifoldi, na kuwasha upya hadi gesi irudi wodini. Wakandarasi wanalalamika kwamba inachelewesha malipo yao ya mwisho. Inachelewesha kweli, kwa siku mbili tatu.

Siku mbili za mafunzo haziwezi kuzuia watumishi kuhama. Miezi minne baadaye wawili kati ya wale watano walikuwa wamehamishiwa vituo vingine. Mkataba haukuwa na mafunzo ya marudio, hivyo hospitali ilimpa kazi hiyo mwendeshaji mwandamizi, ikamtengea nusu siku kila robo mwaka, na mgeni yeyote anaanzia kwenye ndoo kabla ya kuonyeshwa kioo cha draya. Daftari la sasa lina namba. Mara ya mwisho nilipolisoma draya ilikuwa ikitoa lita 1.2 kwa saa, usafi 94, na kulikuwa na usiku mmoja ulioandikwa lita 0.3 kwa kalamu nyekundu, na chini yake: dreni imefunguliwa, imesafishwa, sasa 1.1.